Namba 6 Ilivyonianika Ubaoni

Naomba ieleweke kwamba mimi sijagombana na namba 6. Hayo ni maneno ya rafiki yangu, ticha mwenzangu, aliyekuwa amekaa dawati la nyuma akinisubiri nimalize kipindi tuondoke. Sasa kila ninayekutana naye ananiuliza kama tumeshapatana. Toleo la rafiki yangu lina chumvi nyingi. Langu halina, ndiyo maana linauma zaidi.

Swali lilikuwa la kawaida kabisa: thibitisha kwamba √3 haiwezi kuandikwa kama sehemu. Binti mmoja wa tuisheni, mpole, hana makuu, aliandika kazi safi. Tuseme √3 = a/b, sehemu iliyorahisishwa mpaka mwisho, yaani a na b hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Basi a² = 3b², na kwa hiyo a² inagawanyika kwa 3. Kisha akaandika: "Inafuata kwamba a inagawanyika kwa 3." Kutoka hapo ni mteremko: ukiweka a = 3c unapata b² = 3c², b nayo inagawanyika kwa 3, na ile sehemu tuliyosema imerahisishwa kumbe haikurahisishwa. Kwisha habari.

Nikachukua kalamu nyekundu nikayazungushia duara maneno "inafuata kwamba".

"Inafuata kutoka wapi, mama?"

"Kutoka mstari wa juu, Mwalimu."

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba, maana kwa ugonjwa huu nina dawa yangu. Mtu akikwambia "inafuata" na huoni njia, usibishane naye. Chukua hoja yake nzima, futa ile namba aliyoitumia, weka nyingine ambayo unajua jibu lake ni uongo, halafu usome mstari kwa mstari mpaka mmoja ukatae. Ule unaokataa ndio wenye shimo. Nikafuta 3, nikaweka 4. Tuseme √4 = a/b. Basi a² = 4b². Kwa hiyo a² inagawanyika kwa 4. Inafuata kwamba a inagawanyika kwa 4… na tukiendelea hivyo tutathibitisha kwamba √4 haiandikiki kama sehemu, wakati kila mtu anajua ni 2.

Darasa likacheka. Nikawaonyesha: chukua a = 2 na b = 1. Mstari wa a² = 4b² uko sawa, 4 inagawanyika kwa 4, lakini 2 haigawanyiki kwa 4. Shimo liko palepale kwenye duara langu jekundu. Maana yake hatua iliyorukwa lazima itumie kitu ambacho 3 inacho na 4 haina.

Tukaijaza. Namba isiyogawanyika kwa 3 huacha baki 1 au 2, kwa hiyo ni 3k+1 au 3k+2. Kipeo cha pili cha ya kwanza ni 9k²+6k+1, baki 1. Cha ya pili ni 9k²+12k+4, na ile 4 ni 3 na 1, baki 1 tena. Basi a ikikataa kugawanyika kwa 3, a² nayo inakataa. Hiyo ndiyo mistari iliyokuwa imejificha nyuma ya maneno mawili. Ukijaribu hivyohivyo kwa 4, 4k+2 inakusaliti: 16k²+16k+4, baki 0.

Ningefunga daftari hapo ningekuwa shujaa. (Najua, wale mlioshasikia toleo lile lingine mnasugua viganja. Subirini.)

Badala yake nikageuka, mkono mmoja mfukoni, nikatamka: "3 ni namba tasa. 4 si namba tasa. Kwa hiyo hoja hii inakubali kwa namba tasa tu."

Binti akanyoosha kidole. "Na 6, Mwalimu?"

"6 si tasa. Kwa hiyo inavunjika."

"Tuonyeshe inapovunjikia."

Mbona rahisi, nikajisemea. Natafuta namba moja tu isiyogawanyika kwa 6 ambayo kipeo chake cha pili kinagawanyika kwa 6. Nikaandika 2: kipeo chake 4, hapana. 3: kipeo 9, baki 3, hapana. Nikaruka kwa madaha mpaka 4: 16, baki 4. Hapana. Nikakohoa. 8: 64, baki 4. 9: 81, baki 3. Nikasema "tunaikaribia", ingawa hakuna kilichokuwa kinakaribiwa. 10: 100, baki 4. Chaki ikakatika. Nikaokota kipande kikubwa, nikaandika 15 kwa sababu ilionekana namba ya bahati. 225, baki 3. Kimya kilikuwa kimeshika adabu kiasi kwamba nilimsikia rafiki yangu kule nyuma akipumua kwa pua, ile pumzi ya mtu anayezuia kicheko. Jasho likaanza safari mgongoni.

Kijana mmoja akaniuliza kwa upole unaoua: "Mwalimu, si baki za 6 ziko tano tu ukiacha 0? Zikague zote."

Zote tano. Nikiwa na kipande cha chaki, mbele ya watu niliotoka kuwafundisha kukagua baki dakika chache zilizopita. 1 inatoa 1. 2 inatoa 4. 3 inatoa 3. 4 inatoa 4. 5 inatoa 25, yaani 1. Hakuna 0 hata ya dawa. Nilikuwa nawinda mnyama ambaye hakuumbwa.

Binti akasimama, akaniomba ile kalamu nyekundu (wafuasi wangu, alisema "samahani" kwanza, ndiyo maana siwezi hata kumnunia), akanyanyua daftari ambamo alikuwa amenukuu sentensi yangu, akazungushia duara neno "kwa hiyo".

"Inafuata kutoka wapi, Mwalimu?"

Haikufuata kutoka popote. Kitu ambacho 4 inakosa si utasa. 4 ni 2×2, tasa ileile mara mbili, na a inaweza kuleta 2 moja tu, kipeo cha pili kikaizidisha zikawa mbili. 6 ni 2×3, kila moja mara moja. a² ikigawanyika kwa 6 inagawanyika kwa 2 na kwa 3, basi a nayo kwa 2 na kwa 3, basi kwa 6. Ningetaka kuivunja ningechukua 12: 36 inagawanyika kwa 12, lakini 6 yenyewe haigawanyiki. Haya yote nilimaliza kuyaeleza huku nafuta ubao kwa kiganja, kipindi kikaisha, nikaondoka.

Njiani rafiki yangu alicheka mpaka akasimama kupumzika. Kisha akanishauri kikubwa: "Ungechukua 10 bwana, ungeivunja mara moja." Ndiye huyohuyo mnayemwamini. Basi mkikutana naye, mwambieni awatajie namba yoyote isiyoishia na 0 ambayo kipeo chake cha pili kinaishia na 0. Mpeni chaki, kaeni dawati la nyuma.