Daftari au kidonge?

"Nyumba yetu ina walezi wawili kwa wakazi 14. Kijana huyu anapiga watu na kujiuma mkono kila siku, wakati wote. Mnatuambia tuandike kila tukio, muda huo tutautoa wapi? Si afadhali daktari amwongezee dawa?"

Mlezi aliyeuliza hivyo anafanya kazi katika makao ya watu wenye ulemavu wa akili nje kidogo ya Jinja, Uganda, na uchovu wake ni wa haki. Kijana mwenyewe, nimwite Musa, ana miaka 22 na maneno machache sana. Alikuwa tayari anameza haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili ambayo pia hutumiwa kumtuliza mtu. Alisinzia mchana, na vipigo havikupungua.

Tulikubaliana kuandika kwa siku 14 tu, na tabia mbili tu: kupiga na kujiuma. Kila tukio lilipata mstari mmoja: saa, kilichotangulia, alichofanya, na walezi walifanya nini baadaye. Mistari ikafika 23. Kati yake, 16 ilikuwa ya saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, kwenye foleni ya bafu au ndani yake. Jumapili hakukuwa na hata mmoja wa bafuni, kwa sababu siku hiyo wakazi huoga mchana, kwa maji yaliyoachwa juani kwenye majerikeni. Lile neno "wakati wote" halikuwa kweli, ingawa walezi hawakudanganya: anayepigwa kila alfajiri hukumbuka siku nzima ya vipigo.

Safu ya mwisho ndiyo iliyonishtua. Walezi waliamini Musa anatafuta kuangaliwa, kwa hiyo akipiga walimtoa bafuni na kumrudisha kitandani peke yake. Kwao hiyo ilikuwa adhabu. Kwake ilikuwa njia ya kutoka kwenye maji baridi, na kila alfajiri ilimthibitishia kwamba kupiga kunafanya kazi. Adhabu ileile ingeweza kumsaidia mtu anayepiga ili aangaliwe. Kwa anayepiga ili akwepe, inalisha tabia.

Matukio mengine matano yalitokea wakati wa kula, akitafuna posho, yaani ugali, upande mmoja wa mdomo. Daktari wa meno alikuta jino la nyuma limeoza. Mtu asiyeweza kusema "naumwa" achunguzwe kwanza meno, masikio na choo kigumu, kabla ya mpango wowote.

Mpango uliofuata ulikuwa mfupi. Kuoga kukahamia saa nne asubuhi, kwa maji ya uvuguvugu, na Musa anaonyeshwa taulo kabla ya kuitwa. Akafundishwa kuweka kiganja kifuani, ishara ya "subiri". Akiionyesha, mlezi anaacha papo hapo kwa dakika moja, kisha wanaendelea. Akipiga, mlezi anarudi nyuma bila kelele na kuhakikisha hakuna anayeumia. Akishatulia wanamaliza hatua moja ndogo, labda mguu mmoja, ndipo anatoka. Asishikwe kwa nguvu.

Wapo waliosema huku ni kumdekeza. Sikubaliani nao: anapata pumziko lilelile alilokuwa akilichukua kwa ngumi, isipokuwa sasa analiomba.

Pingamizi zenye uzito ni nyingine. Makaa ya kupashia maji yana bei, na mtu wa zamu ya kubadilishana huwa hajui ishara. Mlezi mmoja akimruhusu Musa kutoka kwa kupiga mara moja moja tu, tabia hushika mizizi zaidi, maana Musa anajifunza kuendelea kujaribu. Tena siku za kwanza vipigo huweza kuongezeka: njia ya zamani imefungwa, naye anaisukuma kwa nguvu zaidi. Kwa Musa siku ya nne ilikuwa mbaya kuliko zote. Baada ya wiki mbili bila kushuka, ni bora kushuku kwamba tumekosea kukisia sababu, na kufungua daftari upya. Daftari lenyewe linaonyesha kinachotangulia tabia. Si ushahidi kamili wa sababu.

Dawa nayo ina nafasi yake, kwa mfano palipo na kifafa au ugonjwa wa akili. Lakini haloperidoli huwafanya baadhi ya watu washindwe kutulia, na hali hiyo hudhaniwa ni tabia iliyozidi, kisha dozi hupandishwa. Walezi wasiikatishe wenyewe ghafla; kuipunguza ni kazi ya kliniki, polepole. Na mkazi akimpiga mwenzake mdogo kuliko yeye, usalama hausubiri siku 14: watenganishwe leo, daftari lianze leo. Kumfunga mtu kamba hakumo katika chaguo lolote. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 24 na 35, inakataza ukatili na inalinda heshima ya mtu mwenye ulemavu.

Kuhusu muda, mistari 23 kwa siku 14 haifiki miwili kwa siku. Daftari linaning'inia mlangoni mwa bafu, kalamu imefungwa kwa uzi. Ishara ya kiganja imechorwa kwenye jalada, ili mlezi wa zamu ya kubadilishana aione kabla ya kumwita Musa.