Kioo kipya, kamera ile ile

"Nimebadilishiwa kioo cha mbele. Kamera ni ile ile, na hakuna taa yoyote ya onyo iliyowaka kwenye dashibodi. Sasa fundi anasema kamera na sensa ya mvua lazima zisawazishwe upya, tena kwa malipo ya ziada. Ni kweli, au naibiwa?"

Kwa kamera, fundi anasema kweli. Kwa sensa ya mvua anachanganya mambo, na si yeye peke yake, maana vitu hivyo viwili vinakaa jirani, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, na mara nyingi vimefunikwa na kifuniko kimoja cha plastiki. Kazi zao hazifanani hata kidogo.

Sensa ya mvua ni kijisanduku kilichobanwa kwenye kioo kwa ndani. Humulika mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ukiingia kwenye kioo kwa mshazari. Kioo kikiwa kikavu, mwanga huo hugonga uso wa nje na kurudi ndani. Tone la maji likitua pale, sehemu ya mwanga hupenya na kupotelea nje. Mwanga unaorudi ukipungua, waipa zinaanza kufuta. Sensa haijali barabara iko upande gani wala gari limeelekea wapi, kwa hiyo hakuna pembe ya kuipimia. Inachohitaji ni kushikana na kioo bila hewa katikati, na kazi hiyo hufanywa na kipande cha jeli angavu kilicho kati yake na kioo.

Hapo ndipo fundi mwenye haraka hukosea. Huibandua jeli ya zamani na kuirudisha ikiwa na vumbi, au huibandika mpya na kufungia povu la hewa ndani. Simama nje ya gari, mulika tochi mahali sensa ilipo. Jeli iliyokaa vizuri inaonekana nyeusi, uso wake mmoja. Povu linaonekana kama doa la rangi ya fedha. Doa hilo likiwa kwenye njia ya mwanga, waipa zitafuta kioo kikavu au zitatulia mvua ikinyesha. Dawa ni jeli mpya, na kwa baadhi ya magari kuitambulisha sensa upya kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Magari ambayo kamera yenyewe ndiyo hutambua mvua, kama Tesla za miaka ya karibuni, hayana sensa hii kabisa. Basi kama bili inataja "usawazishaji wa sensa ya mvua" kama kazi kubwa inayojitegemea, uliza ni nini hasa kilichofanyika.

Kamera ina habari nyingine. Ndiyo inayoitazamia barabara mifumo kama breki ya dharura na ule wa kulishika gari ndani ya mistari, na kuisawazisha ni kuipa upya kipimo cha mahali hasa inapotazama. Kamera ya lenzi moja haioni umbali kama tunavyodhani, bali huukokotoa. Njia mojawapo, na ndiyo rahisi kuielewa, ni kutazama mahali ambapo matairi ya gari la mbele yanagusa lami. Kamera inajua iko juu kiasi gani kutoka ardhini na inajua mstari wa upeo wa macho, pale mbingu na ardhi zinapokutana, uko wapi kwenye picha yake. Kadiri matairi hayo yanavyoonekana karibu na upeo, ndivyo gari lilivyo mbali.

Tuchukue kamera iliyo mita 1.3 juu ya lami, na gari lililo mita 50 mbele. Matairi ya gari hilo yataonekana takriban digrii 1.5 chini ya upeo. Kioo kikabadilishwa, na kamera ikarudi ikiwa imeinamia chini kwa nusu digrii tu, nayo haijui. Kila kitu kinapanda kwenye picha. Matairi yanaonekana digrii 1 chini ya pale kamera inapoamini upeo upo, na hesabu inatoa mita 75. Gari liko mita 50, kompyuta inasema 75. Kamera ikiinuka kwa kiasi hicho hicho, gari lile lile litasomeka liko mita 37, na sasa breki zinaweza kushikwa pasipo sababu.

Na nusu digrii ni kidogo kuliko mtu anavyofikiri. Kamera inakaa kwenye kishikizo kilichogundishwa kwenye kioo. Kwenye kishikizo chenye urefu wa sentimita 10, nusu digrii ni tofauti isiyofika milimita moja kati ya ncha mbili. Shika kadi ya benki uitazame unene wake. Ingiza unene huo chini ya ncha moja ya kishikizo, na karibu umeifikia.

Kioo kipya kinaleta tofauti za namna hiyo kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Kishikizo chake kimegundishwa na kiwanda kingine, au siku nyingine. Utepe wa gundi unaoshikilia kioo kwenye bodi huwekwa kwa mkono, ukawa mnene zaidi juu kuliko chini. Halafu kuna kioo chenyewe. Kamera inatazama kupitia ndani yake, kwa hiyo kioo ni kama lenzi ya ziada. Nyuso zake mbili zisipokuwa sambamba kabisa mbele ya kamera, au mpindo wake ukitofautiana na ule wa awali, picha inahama hata kama kamera imekaa pale pale. Ndiyo maana hoja ya "kamera ni ile ile" haitoshi. Thamani zilizohifadhiwa ndani ya kamera ni za kamera hiyo pamoja na kioo ambacho sasa kimeshatupwa.

Kosa la upande lina madhara yake. Nusu digrii kushoto au kulia, kwa mita 50, ni sentimita 44. Mfumo wa kulishika gari ndani ya mistari utaamini katikati ya njia iko mahali ambapo haipo. Dereva ataona usukani unamvuta taratibu kuelekea mstari mmoja, au onyo la kuvuka mstari linalia upande mmoja mapema na upande wa pili kwa kuchelewa. Usiku, taa kubwa zinazojizima zenyewe zinaweza kuchelewa kumwona anayekuja.

Mwenye shaka naye ana hoja za kusikilizwa. Ya kwanza ni taa ya onyo isiyowaka. Ukweli ni kwamba kamera iliyopinda kidogo haijui kwamba imepinda. Taa huwaka kamera ikikosa umeme, ikizibwa, au ikigundua kosa lililovuka mpaka wake. Dashibodi tulivu inakueleza kwamba kamera inaona. Haikuelezi kama inaona mahali sahihi.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kamera nyingi hujirekebisha zenyewe njiani. Ni kweli. Hutazama mistari ya barabara inavyokutana kwa mbali na kujifunza upeo uko wapi. Pia hazitegemei hesabu moja. Hutazama jinsi umbo la gari la mbele linavyokua, na magari mengine yana rada inayopima umbali bila kujali kioo. Kwa hiyo ile mita 75 ni hesabu tupu, si lazima gari lako lingekosea kiasi hicho. Lakini kujirekebisha huko kumetengenezewa mabadiliko madogo, kama buti lililojaa mizigo, na kuna kiwango ambacho hakuvuki. Wapo watengenezaji wanaosema gari liendeshwe tu hadi kamera ijisawazishe, na wapo wanaotaka isawazishwe karakana kwa mabango yenye alama na mashine kila kioo kinapobadilishwa. Mwamuzi ni kitabu cha ufundi cha toleo hilo la gari. Fundi aliyekisoma ataweza kukuonyesha ukurasa.

Hoja ya tatu husikika mara chache, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote: usawazishaji mbovu ni hatari sawa na kutosawazisha. Kwenye usawazishaji wa gari likiwa limesimama, bango lenye alama maalumu huwekwa mbele ya gari kwa umbali na kimo alichotaja mtengenezaji. Kompyuta huambiwa kwamba bango liko mahali sahihi, na kamera inajipanga kwalo. Sasa tuseme bango liko mita 2 mbele, na fundi amelikosea kwa sentimita 2 upande. Hilo tayari ni zaidi ya nusu digrii, yaani kosa lile lile tulilokuja kuliondoa, safari hii limeandikwa ndani ya kamera kama ukweli.

Kwa sababu hiyo, maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Sakafu iwe sawa. Matairi yawe na upepo uliotajwa, mizigo itolewe. Katikati ya gari ipimwe kutoka kwenye magurudumu, hasa ya nyuma, maana gari huelekea yanakoelekea magurudumu ya nyuma. Pua ya boneti haitoshi kuwa kipimo. Kama alaimenti imeharibika, ianze hiyo. Ukimwona fundi ameegesha gari kwenye mteremko wa uani, amesimamisha bango kwa kukadiria kwa macho, na dakika tano baadaye anasema tayari, basi mashaka yako yana msingi.

Namna nyingine hufanyika gari likitembea. Mashine huunganishwa, na gari huendeshwa kwa mwendo uliotajwa kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri, hadi mashine iseme imekamilika. Gundi iwe imeshakauka kiasi kinachotakiwa kabla ya kutoka. Mistari iliyofutika au mvua kubwa inaweza kuifanya kazi hiyo isiishe. Magari mengine yanataka namna zote mbili.

Kwa hiyo malipo ya ziada kwa kamera yana haki, mradi kazi ionekane. Omba karatasi ya mashine ya kabla na ya baada, yenye namba ya gari lako na matokeo. Kufuta kumbukumbu za hitilafu si kusawazisha, na karatasi hizo mbili zitaonyesha tofauti. Gari likirudi mikononi mwako, lijaribu kwenye barabara iliyonyooka na tulivu huku mikono ikibaki kwenye usukani: je, linakaa katikati ya mistari, au linaegemea upande?

Ikitokea kamera ikakataa kusawazishwa, usimruhusu fundi arudie mara kumi hadi ipite kwa bahati. Sakafu na bango vikiwa sahihi, kukataa huko mara nyingi kunaelekeza kwenye kishikizo kilichopinda, kamera isiyokaa vizuri kwenye kishikizo chake, au kioo ambacho sehemu yake ya mbele ya kamera haifikii kiwango cha gari hilo. Hapo kinachodaiwa ni kioo kingine, na anayedaiwa ni aliyekiweka. Wakati unasubiri, zima kwenye menyu ya gari mfumo wa kushika njia, na usitumie ule wa kufuata gari la mbele kwa mwendo uliopangwa. Breki ya dharura iache kama mtengenezaji alivyoiweka, lakini ongeza nafasi kati yako na wa mbele, na wa nyuma yako pia mwangalie, kwa sababu kamera iliyoinuka inaweza kukushikia breki mahali ambapo yeye hatarajii.