Mbuzi ya umeme: kichwa kipeleke patenti, meno yafanye siri

Binamu yangu ni fundi chuma hapa Mombasa na ametengeneza mbuzi ya umeme ya kukunia nazi ambayo wallahi sijaona nyingine kama hiyo. Hizi za kawaida mnazijua, mota na kichwa cha duara chenye meno, ukizubaa kidogo inakwangua mpaka kifuu na tui linatoka na rangi ya kahawia. Yake kichwa kimekaa juu ya springi ndani ya kola, meno yamepangwa kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara, kikigusa kifuu kinarudi nyuma chenyewe, kwa hiyo unapata nyeupe tupu. Na meno hayafi haraka. Akaja kuniuliza, kwa sababu mie huwasaidia mafundi kuandika maombi ya patenti, yaani hataza: niandikishe au nifiche?

Nikamwambia hilo swali limekaa vibaya. Mashini si kitu kimoja. Ina vipande, na kila kipande kina jibu lake. Mie nikiletewa kitu naanza kuuliza mtu akinunua hii, akaenda nayo nyumbani, akachukua spana akaifungua, ataona nini?

Kile kichwa na kola na springi anaviona vyote. Fundi yeyote mwenye grinda na welda anakitoa kingine kwa siku mbili, na sheria haimkatazi kununua kitu chako sokoni akakichambua. Siri ya biashara inalindwa dhidi ya mtu aliyeiba au aliyevunja ahadi, si dhidi ya mtu aliyefungua nati. Kwa hiyo kipande kinachoonekana hakiwezi kuwa siri, siku ya kwanza unayouza ndiyo siku siri yake imekwisha. Hapo hakuna mjadala, ni patenti. Na kama unaogopa watakuambia hii si uvumbuzi wa kutosha, ni springi tu imeongezwa, Kenya kuna ile ndogo yake, yutiliti modeli, ambayo inataka kitu kiwe kipya na kinafaa kutengenezwa, haikudai ule ubunifu mkubwa. Inadumu miaka 10, patenti kamili miaka 20. Kwa mashini ya jikoni miaka 10 mie naona inatosha sana.

Sasa meno. Hapa ndipo tulikaa mpaka chai ikapoa.

Meno anayachonga kutoka springi za gari, zile bapa za lori. Kupasha chuma moto mpaka sumaku isishike halafu kukichovya kwenye oili, kila fundi chuma anajua. Ila kikitoka hapo kimekuwa kigumu kama glasi, kikigonga kifuu kinamenyuka, lazima ukirudishe motoni kidogo ili kilegee kiasi. Oili iwe na joto gani, arudishe kwa muda gani, akitoe kikiwa na rangi gani, hayo alihangaika nayo karibu miaka miwili akitupa meno kwa debe. Na hayo huyaoni hata ukifungua mashini yote ukaitandaza mezani. Ukiwa na maabara unaweza kupima ugumu wa jino ukajua limefika wapi, lakini njia ya kufika pale haijaandikwa kwenye chuma.

Yeye alitaka hilo ndilo aliandikishe kwanza kwa sababu ndilo lililomtesa. Namuelewa kabisa, jasho lako unataka lipate karatasi yenye mhuri. Lakini nikamuuliza, tuseme umepewa patenti ya kuchovya meno, fundi wa Kisauni akaisoma, maana ombi linachapishwa baada ya miezi 18 na mtu yeyote anaruhusiwa kulisoma, akaanza kuchovya kama wewe ndani ya karakana yake usiku. Utajuaje? Utaingia na nini? Meno yake yakiwa magumu atasema ana njia yake. Yaani umemfundisha halafu huna uwezo wa kumkamata. Patenti ya njia inayofanyika ndani ya nyumba ya mtu ni ngumu sana kuilinda, na hili watu wengi hawaambiwi wanapojaza fomu.

Tena kuna jambo jingine. Patenti ingetaka njia iwe mpya na isiwe kitu ambacho fundi mzoefu angefikia kirahisi, na kubadilisha joto la oili kunaweza kuonekana ni marekebisho tu. Siri haidai hivyo. Inadai mambo matatu: isijulikane kwa watu wa kazi hiyo, iwe na faida kibiashara kwa sababu haijulikani, na wewe uwe umechukua hatua za maana kuificha. Lile kopo la WD-40 lililo kila gereji limeishi hivyo tangu 1953, hawakuchukua patenti ya mchanganyiko kwa sababu wangelazimika kuuandika.

Hilo la tatu ndilo linaloangusha mafundi wetu. Binamu alikuwa anachovya mchana, vijana wanne wanatazama, joto limeandikwa kwa chaki ukutani! Ukienda mahakamani na hali hiyo utaambiwa hukuficha kitu. Na Kenya hatuna sheria moja mahsusi ya siri za biashara, unategemea mkataba na ile kanuni ya kutovunja uaminifu, kwa hiyo karatasi aliyosaini kijana ndiyo silaha yako. Tukafuta chaki. Vijana wakasaini karatasi ya Kiswahili ukurasa mmoja inayosema ni nini hasa hawaruhusiwi kutoa nje, wanaendelea kuchonga na kuunganisha, kuchovya anafanya yeye na mwanawe baada ya Isha. Hiyo saa ina faida hata kwa kazi, rangi ya moto unaiona vizuri gizani.

Mtego mmoja tulikaribia kuingia wakati wa kuandika ombi la kichwa. Ombi lazima lieleze vya kutosha fundi mwingine aweze kukitengeneza kikafanya kazi, huwezi kuficha kiungo muhimu halafu ukadai ulinzi. Kwa hiyo tulijaribu kichwa kile na meno ya kawaida. Kinarudi nyuma vilevile, tui jeupe vilevile, meno tu yanachoka mapema. Tukapumua. Kama kisingefanya kazi bila siri yake ingebidi achague kimoja, na kumwaga siri ndani ya ombi ama kuacha patenti ni uamuzi mchungu.

Kitu kinachonikera mpaka leo ni kwamba alishaipeleka kwenye maonyesho hapa Mombasa kabla hajanijia, watu wakapiga picha. Kwa Kenya amepona, sheria inampa mvumbuzi miezi 12 tangu alipojianika mwenyewe. Ulaya hakuna huruma hiyo, ukishaonyesha umeshaharibu, huko kwake mlango umefungwa. Angeniuliza wiki moja kabla tu.

Ombi la kichwa sasa liko KIPI, ofisi ya serikali ya Kenya inayopokea maombi ya patenti. Akipata mnunuzi nje anayo miezi 12 tangu siku aliyopeleka kudai tarehe ileile kwenye nchi nyingine ambazo hayo maonyesho hayajamharibia, na akibadilisha mawazo anaweza kuliondoa kabla ya ile miezi 18 lisichapishwe, ingawa kwa kichwa ambacho tayari kinauzwa hilo halimsaidii kitu. Akipewa kuna ada ya kila mwaka, akiisahau haki inakufa, nimemwandikia tarehe nyuma ya mlango wa karakana, pale palipokuwa na chaki.