Safari ya Gulu: nani anamdai mwenzake?

"Nilipewa masurufu ya 1,200,000 kwenda Gulu na pikapu ya ofisi, Jumatatu hadi Alhamisi. Posho ni 220,000 kwa usiku, ndani yake kuna malazi, chakula na usafiri wa mjini. Nimeandika siku nne 880,000, dizeli 310,000, ukumbi 150,000 na boda 40,000. Kwa hesabu yangu ofisi inadaiwa 180,000. Mhasibu anasema mimi ndiye nirudishe 405,000. Nani mkweli?"

Hakuna hata mmoja, ingawa mhasibu yuko karibu zaidi. Pengo lenu ni 585,000, na limetoka mahali pachache tu. Ukumbi hauna ubishi: risiti ipo na tarehe inalingana.

Tuanze na posho. (Hapa Uganda ukisema posho mtu anawaza ugali wa mahindi, lakini tutaelewana.) Kiwango kimeandikwa kwa usiku, na ukitoka Jumatatu ukarudi Alhamisi umelala nje mara tatu. Alhamisi ulilala kwako. Najua uliingia Kampala giza limeshatanda na chakula cha njiani ulikinunua mwenyewe, na mwongozo ambao hauweki chochote kwa siku ya kurudi unamwonea msafiri. Lakini huo ni ubishi wa kuubadilisha mwongozo, na haukupi haki ya kujiandikia usiku usiokuwapo. Sheria ya kodi ya mapato nayo haiihesabu posho ya safari kuwa mshahara mradi isizidi gharama iliyotumika au inayotarajiwa kutumika, na usiku ambao hukulala nje hauna gharama ya kutetea. Hapo 220,000 zinaondoka.

Usiku wa Jumanne wenyeji wa mafunzo walikulipia chumba na chakula. Mwongozo wenu unalipa robo tu ya posho kwa usiku wa namna hiyo, yaani 55,000, na mhasibu ameandika hivyo hivyo. Wewe unasema chakula chao hukukila. Ningekusikiliza kama wasingekipika. Kipo, kimelipiwa, ukaamua kwenda kula kwingine: hiyo ni pesa yako. Posho halali basi ni 495,000.

Pesa za boda mhasibu amezikataa kwa sababu hazina risiti. Uamuzi ni sahihi, sababu siyo. Mwendesha boda wa Gulu hatoi risiti, na ofisi yenye akili ina fomu ya malipo madogo ambayo msafiri anasaini na mkuu wake anaidhinisha. Kinachoziangusha zako ni kwamba usafiri wa mjini umeshalipwa ndani ya posho. Ukilipwa tena, umelipwa mara mbili.

Kwenye dizeli ndipo mhasibu alipoteleza. Amekata risiti ya 160,000 kwa kuwa ni ya Ijumaa, siku moja baada ya safari. Nimewahi kukaa kwenye meza hiyo na ninaielewa hofu yake, maana risiti ya baada ya safari mara nyingi ni ya gari la shemeji. Lakini tarehe peke yake haitoshi. Fungua daftari la gari. Pikapu ilitoka uani Jumatatu ikiwa na tangi limejaa, ikarudi imetembea kilomita 730: kwenda Gulu kupitia Karuma, kurudi, na mizunguko ya mjini. Risiti zote mbili zinaonyesha lita moja kwa 5,000. Ya Jumatano, pale Gulu, ni lita 30. Ukiishia hapo, gari limekwenda kilomita 24 kwa lita moja, na mimi sijaiona pikapu ya namna hiyo. Ongeza lita 32 za Ijumaa, zilizolijaza tangi tena, unapata karibu kilomita 12 kwa lita. Hiyo inaaminika.

Kinga ya mhasibu bado ipo. Aangalie kilomita zilizoandikwa Alhamisi jioni na zile za safari iliyofuata. Kama tofauti ni ya kutoka uani hadi kituo cha mafuta na kurudi, dizeli ile ililipia njia ya Gulu. Ikionekana gari lilitembea kilomita mia mbili mwisho wa juma, risiti inarudi mikononi mwako. Na kama tangi halikujaa wakati wa kutoka, hesabu hii yote haisimami. Daftari lako linasema lilijaa, na mlinzi alisaini.

Basi posho 495,000, dizeli 310,000, ukumbi 150,000, jumla 955,000. Ulichukua 1,200,000. Ofisi inakudai 245,000.

Usikubali zikatwe kwenye masurufu ya safari ijayo, hata mhasibu akikubembeleza kwamba ni rahisi. Safari mbili zikishachanganywa, risiti moja ikipotea hakuna atakayejua ilikuwa ya ipi. Lipa, chukua stakabadhi, na fomu ya Gulu ifungwe ikisoma sifuri.