Kiwavi mmoja, viwavi wengi: faharasa inachopata na inachokosa

"Tuna jumbe laki nne za wakulima kwenye hifadhidata ya SQLite hapa Nakuru. Mwenzangu anasema LIKE inatosha, mimi nataka faharasa kamili. Nani kati yetu anakosea?"

Mwenzako ana hoja nzito kuliko unavyodhani, kwa hiyo naanza naye. Ujumbe mmoja wa simu una herufi kama 150. Jumbe 400,000 ni takriban megabaiti 60, kiasi kinachoenea chote kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya kawaida ya ofisini. Ukiandika `LIKE '%viwavi%'`, SQLite inafungua ujumbe wa kwanza, inaupekua herufi kwa herufi, inakwenda wa pili, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Ni kazi ya kipunda, lakini kwa megabaiti 60 punda huyu anafika ndani ya sekunde moja au karibu na hapo. Tena hakosi kitu. Kama herufi hizo zimo mahali popote, atazikuta. Uaminifu huo tuuweke akilini, maana tutauhitaji.

Shida inakuja mzigo unapokua. Tuseme mmeamua kuingiza pia ripoti za maafisa wa ugani kutoka Molo hadi Busia, na baada ya miaka mna nyaraka milioni mbili, kila moja ikiwa na kilobaiti 20. Hiyo ni gigabaiti 40. Diski ya kuzunguka inasoma kama megabaiti 150 kwa sekunde, kwa hiyo swali moja litachukua karibu dakika nne na nusu. Watu watano wakiuliza kwa pamoja, diski inavutwa huku na kule na kila mmoja anangoja zaidi. Cha kuudhi ni kwamba kesho swali lilelile litagharimu dakika zilezile, kwa sababu mpekuzi hakumbuki alichokisoma jana.

Faharasa iliyopinduliwa inafanya kazi hiyo ya kusoma mara moja tu, waraka unapoingia. Wasomaji wa Biblia wanaijua kwa jina la itifaki: unatafuta neno "mchungaji", nayo inakupa kila kitabu, sura na mstari lilipo. Itifaki ya kwanza ya Biblia ya Kilatini ilitungwa katika karne ya 13 na watawa wa Kidominika mjini Paris, wakiongozwa na Hugo wa Saint-Cher, na wazo halijabadilika tangu hapo. Inaitwa iliyopinduliwa kwa sababu waraka kwa kawaida ndio unaobeba maneno. Hapa neno ndilo linalobeba nyaraka.

Chukua jumbe tano za aina mnayopokea:

1. Viwavi wamekula mahindi Njoro
2. Mahindi yamekauka Rongai
3. Viazi vimeoza Molo
4. Kiwavi kwenye mahindi Subukia
5. Viwavi kwenye kabeji Bahati

Programu inakata kila ujumbe penye nafasi, inageuza herufi kubwa kuwa ndogo, kisha chini ya kila neno inaandika namba za jumbe lilimoonekana:

```
kiwavi   4
kwenye   4, 5
mahindi  1, 2, 4
viwavi   1, 5
```

Mkulima akitafuta "mahindi" pamoja na "viwavi", hakuna ujumbe unaofunguliwa. Zinachukuliwa orodha mbili na kuwekwa ubavu kwa ubavu, kidole kimoja juu ya kila orodha. Vidole vikikuta namba sawa, hilo ni jibu na vyote vinasogea. Visipokuta, kinasogea kile kilicho kwenye namba ndogo. Kwa kuwa namba zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa, hakuna kidole kinachorudi nyuma. Hapa jibu ni ujumbe wa 1.

Sasa rudi kwenye zile nyaraka milioni mbili. Tuseme "mahindi" imo katika nyaraka 60,000 na "viwavi" katika 3,000. Kuyapata maneno yenyewe ndani ya kamusi ya faharasa ni jambo dogo: hata kamusi ikiwa na maneno milioni moja yaliyopangwa, kuigawa nusu kwa nusu kunafika kwenye neno kwa hatua 20. Baada ya hapo vidole vitapiga hatua 63,000 kwa wingi, na kompyuta inamaliza hesabu ya namba kiasi hicho kabla hujakonyeza jicho.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda sana hapa, nao ndio unaoipunguzia diski kazi. Orodha haihifadhi namba zenyewe, inahifadhi tofauti kati ya namba moja na inayofuata. Kama "mahindi" imo katika 60,000 kati ya milioni mbili, basi inaonekana kila baada ya nyaraka 33 hivi. Tofauti ndogo namna hiyo inaenea kwenye baiti moja, wakati namba kamili ingekula nne. Orodha nzima ya "mahindi" inakuwa kama kilobaiti 60. Ile ya "viwavi" ina mapengo makubwa zaidi, kama 667 kwa wastani, kwa hiyo inahitaji baiti mbili kwa kila namba, yaani kilobaiti 6. Swali lililohitaji kusoma gigabaiti 40 sasa linasoma kilobaiti 66. Neno lililo kila mahali, kama "kwenye", lina orodha ndefu, lakini mapengo yake ni madogo kiasi kwamba kila namba inakula nafasi kidogo.

Hadi hapo ungesema umeshinda. Lakini tazama tena jumbe tano. Mkulima wa Subukia, ujumbe wa 4, analalamikia kiwavi kwenye mahindi, na jibu letu limemwacha nje. Faharasa haikukosea hesabu. Tuliikata kwa maneno mazima, na kwake "kiwavi" na "viwavi" ni maneno mawili yasiyojuana, kama "kuku" na "jembe".

Kwangu mimi hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Zana nyingi za utafutaji zilikua zikihudumia Kiingereza, ambacho hubadilisha maneno yake zaidi mkiani. Ndiyo maana SQLite ina kikataji kiitwacho `porter`, kinachofuata kanuni alizochapisha Martin Porter mwaka 1980 za kupunguza mikia ya maneno ya Kiingereza. Kiswahili kinabadilika kichwani pia, na sana: kiwavi, viwavi, shamba, mashamba, yamekauka, yanakauka, imekauka. Ukiwasha `porter` juu ya jumbe zenu, vichwa vyote vitabaki vilivyo. Na kutafuta kwa mwanzo wa neno, kama `viwavi*`, kutakuokotea "viwavijeshi" iliyoandikwa kwa pamoja, lakini kiwavi wa Subukia ataendelea kubaki gizani.

Niliwahi kukaa na afisa mmoja wa ugani aliyekuwa akihesabu malalamiko ya viwavi kwa mfumo wa ofisi ambayo sitaitaja. Skrini ilitoa namba safi na kwa haraka, naye akaiandika kwenye ripoti. Tulipopekua jumbe zilezile kwa `LIKE '%iwavi%'`, tukakuta nyingine kadhaa zilizoandikwa "kiwavi" na "viwavijeshi". Upekuzi wa polepole angalau unajulisha kwa kuchelewa kwake. Faharasa iliyokatwa vibaya inajibu upesi, na anayesoma jibu hana njia ya kujua kilichoachwa. Jambo hilo lilinikera, kwa sababu ripoti ile ndiyo inayoamua dawa ipelekwe wadi gani.

Dawa ninayoipendekeza ni kubadilisha kipande. Badala ya kukata kwa maneno, kata kwa herufi tatu tatu zinazopandana. "Kiwavi" inakuwa kiw, iwa, wav, avi. "Viwavi" inakuwa viw, iwa, wav, avi. Vipande vitatu vinafanana, na SQLite tangu toleo la 3.34 inacho kikataji hicho ndani ya fts5, sehemu yake ya kutafutia maandishi:

```sql
CREATE VIRTUAL TABLE jumbe_f
USING fts5(maneno, tokenize='trigram');

INSERT INTO jumbe_f(rowid, maneno)
SELECT rowid, maneno FROM jumbe;

SELECT rowid FROM jumbe_f
WHERE jumbe_f MATCH 'mahindi AND iwavi';
```

Angalia nilivyoandika "iwavi". Ningeandika "wavi", ningeletewa pia wakulima wanaowalalamikia vibarua wavivu, kwa maana w-a-v-i zimo humo. Anayetafuta lazima achague kiini cha neno kwa uangalifu, na kisiwe chini ya herufi tatu.

Gharama ipo. Ujumbe wa herufi 150 una maneno kama 25 lakini una vipande karibu 148, kwa hiyo faharasa inabeba maingizo kama mara sita zaidi. Kila ujumbe mpya nao unagusa orodha nyingi zaidi, na uandishi unakuwa mzito. Zana hupunguza mzigo huo kwa kuandika jumbe mpya kwenye faharasa ndogo pembeni, kisha kuziunganisha na kubwa baadaye. Kwa jumbe laki nne hutauhisi. Kwa gigabaiti 40 zinazopokea nyaraka mpya kila dakika, utauhisi, na pale ningerudi kwenye maneno mazima pamoja na jedwali la maumbo: anayeuliza "viwavi" mfumo uulize wenyewe `(viwavi OR kiwavi OR viwavijeshi)`. Jedwali hilo ni kazi ya mikono ya mtu anayejua lugha, na mtalihitaji kwa vyovyote, kwa kuwa mkulima wa Kisumu anaweza kuandika "oduma" na wa Bahati "mbembe", na hakuna kukata herufi kutakakoonyesha kwamba wote wanazungumzia mahindi.

Kwa hiyo kwa ukubwa mlio nao leo, mwenzako hakosei: LIKE inatosha kwa kasi. Mimi bado ningejenga ya herufi tatu sasa hivi, kwa sababu ni mistari michache, na nyaraka zikiongezeka hamtalazimika kuwafundisha watu upya. Ila LIKE msiitupe. Kila mwisho wa mwezi chukueni maneno kumi yanayoulizwa sana, muyahesabu kwa njia zote mbili juu ya jumbe elfu kumi za karibuni:

```sql
SELECT count(*) FROM jumbe WHERE maneno LIKE '%iwavi%';
SELECT count(*) FROM jumbe_f WHERE jumbe_f MATCH 'iwavi';
```

Wekeni mpaka uleule wa namba za jumbe kwenye maswali yote mawili. Hesabu zikiachana na pengo likawa kwenye jumbe mpya tu, basi faharasa haikulishwa: ujumbe umeingia kwenye `jumbe` na hakuna kilichoupeleka `jumbe_f`. Pengo likitapakaa kwenye jumbe mpya na za zamani, tatizo ni mkato.