Salamu iko ndani ya kitenzi: barua ya Kijerumani ya kuulizia ada ya kozi

Mpwa wangu aliyeko Morogoro alinitumia rasimu ya barua aliyokusudia kuipeleka kwenye shule ya lugha hapa Leipzig, ili aulize ada na tarehe za kozi ya Kijerumani ya kiwango cha B1. Aya yote ya kwanza ilikuwa ya kuwajulia hali walimu na wafanyakazi wa shule, ya pili ilieleza historia ya masomo yake tangu sekondari, na swali lenyewe lilijitokeza mwishoni kabisa, katika mstari mmoja: naomba kujua gharama. Nilipomrudishia ikiwa imebaki nusu ya urefu wake, alinipigia simu akasema: "Mjomba, mbona kavu hivi? Watadhani sina adabu."

Hofu yake naielewa, kwa sababu barua yangu ya kwanza ilifanana na yake, na jibu nililopata lilikuwa bei tupu. Niliijua bei na nikajiandikisha, kisha nikagundua kwamba kitabu na ada ya mtihani vilikuwa havimo. Shule haikunidanganya, maana ilijibu kile nilichouliza.

Nyumbani jambo hili hufanyika kwa miguu. Unafika chuoni, unamsalimu mlinzi, unaelekezwa kwa mhasibu, unakaribishwa kiti, na katika mazungumzo hayo mhasibu mwenyewe hukuambia kwamba kuna hela ya kitabu, kwamba mtihani hulipiwa kando, na kwamba ukiwa na nusu ya ada unaweza kuanza, nusu nyingine ukaileta mwezi unaofuata. Salamu ndiyo inayofungua mlango wa taarifa usizojua kuziuliza. Huku mlango huo ni barua pepe, na anayeisoma hana namna ya kukisia usichokitaja. Kwa hiyo naamini kwamba barua fupi ya Kijerumani haikukosa heshima, bali heshima yake imewekwa mahali pengine: katika umbo la kitenzi, katika herufi kubwa, na katika maswali yaliyokamilika kiasi kwamba msomaji anaweza kuyajibu kwa mara moja.

Hii ndiyo barua tuliyoiandika upya pamoja, inayouliza mambo matano: kozi inaanza lini, ina vipindi vingapi kwa wiki, inagharimu kiasi gani, kama kitabu na ada ya mtihani vimo ndani ya bei, na kama anaweza kulipa kwa awamu:

> Intensivkurs B1 ab September: Kosten und Termine
>
> Sehr geehrte Damen und Herren,
>
> ich lerne seit zehn Monaten Deutsch und habe im Mai die Prüfung A2 bestanden. Nun möchte ich bei Ihnen einen Intensivkurs B1 besuchen.
>
> Könnten Sie mir bitte mitteilen, wann der nächste Kurs beginnt, wie viele Unterrichtsstunden er pro Woche umfasst und wie viel er kostet? Außerdem wüsste ich gern, ob das Lehrbuch und die Prüfungsgebühr im Preis enthalten sind und ob ich in Raten zahlen kann.
>
> Für Ihre Antwort danke ich Ihnen im Voraus.
>
> Mit freundlichen Grüßen

Aliyesoma barua rasmi shuleni kwetu ataitambua mifupa yake mara moja. Mstari wa juu ni ile YAH yetu, ila Wajerumani wa leo wameliacha neno lenyewe la kutangulizia na kubakiza mada peke yake, kwa maandishi mazito, bila nukta mwishoni. Baada ya hapo hakuna "husika na kichwa cha habari hapo juu", kwa kuwa mada imeshasomwa. Salamu ya *Sehr geehrte Damen und Herren* hutumika pale usipolijua jina la mpokeaji. Ukilijua, unaandika *Sehr geehrte Frau* au *Sehr geehrter Herr*, kisha jina la ukoo. Baada ya salamu huja mkato, na kwa sababu ya mkato huo aya ya kwanza huanza kwa herufi ndogo, jambo ambalo mpwa wangu alilisahihisha mara mbili akidhani nimekosea. Kwenye kuaga, kinyume chake, hakuna mkato kabisa.

Kitenzi ndicho kilichobeba adabu yote. *Können Sie* ni "mnaweza", nayo ni sahihi. *Könnten Sie* ni kama kusema "mngeweza", na ile "-nge-" ndiyo inayompa msomaji nafasi ya kukataa bila kuaibika. *Wüsste ich gern* inafanya kazi hiyohiyo: ningependa kujua. Sisi tunaojua tofauti ya "nipe" na "ningeomba unipatie" hatuna ugeni na jambo hili. Ugeni uko kwenye mpangilio wa maneno, kwa maana swali likishatanguliwa na ombi, kitenzi chake huhamia mwisho: si *wann beginnt der Kurs*, bali *wann der nächste Kurs beginnt*. Hapo ndipo wengi wetu huteleza, kwa kuwa Kiswahili hakikihamishi kitenzi kwa sababu ya ombi. Nayo *Sie*, *Ihnen* na *Ihre* lazima zianze kwa herufi kubwa. Ukiandika *ihnen* kwa herufi ndogo, umesema "wao", na msomaji atajiuliza ni akina nani hao.

Swali ambalo mpwa wangu hakuliona umuhimu wake ni lile la idadi ya vipindi. Kipindi kimoja katika shule za lugha huku ni dakika 45, si saa nzima, kwa hiyo vipindi 20 kwa wiki ni saa 15 za darasani. Bila idadi hiyo bei haisemi kitu. Tuseme shule moja inatoza yuro 380 kwa vipindi 80, na nyingine yuro 420 kwa vipindi 100: ya kwanza inaonekana nafuu, lakini kipindi chake kinagharimu yuro 4.75, na cha ya pili yuro 4.20. Tena kwa mtu aliye nyumbani anayetaka viza ya kusomea lugha, kozi hutakiwa kuwa ya mfululizo, yenye vipindi visivyopungua 18 kwa wiki, na kozi ya jioni au ya mwisho wa wiki haimsaidii. Asipouliza, anaweza kulipia kozi nzuri ambayo ubalozi hautaikubali.

Swali la kulipa kwa awamu nalo lina sababu yake. Nyumbani makubaliano ya mdomo na mhasibu yanatosha, na mara nyingi yanaheshimiwa. Huku fomu ya kujiandikisha ukishaitia sahihi ni mkataba, na kuomba upunguziwe mzigo baada ya hapo ni kuomba mkataba ubadilishwe. Nakiri kwamba katika hili napendelea kwetu, kwa kuwa mhasibu aliyekutazama usoni anaiona hali yako, ilhali barua haimwonyeshi chochote ila maneno yako. Lakini jibu la barua lina tarehe na lina maandishi, na siku bei itakapotajwa tofauti, mpwa wangu atakuwa na cha kuonyesha, jambo ambalo mimi sikuwa nalo nyumbani siku mhasibu mpya alipokanusha maneno ya yule aliyeondoka.

Aliniuliza mwishoni kama anaweza walau kuongeza mstari mmoja wa kuwatakia afya njema. Nilimwambia auache hadi atakapofika dirishani kwao na kumwona mtu aliyemjibu. Barua aliituma Jumatatu, na sasa tunasubiri majibu ya maswali yake yote matano.