Ziara 64 na ziara 31: kumpima mhudumu wa afya wa kitongoji

“Mwaka mzima anazunguka na begi na rejesta. Tuonyeshwe, amepunguza vifo vingapi?” Aliuliza mjumbe mmoja wa halmashauri ya kijiji, mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Uvinza.

Kitongoji cha nyumba 100 hivi, chenye watu kama 500, hupata watoto wapatao 20 kwa mwaka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ukikokotoa kiwango hicho kwa vizazi 20 kwa mwaka, unapata kifo kimoja cha mama katika miaka 48. Tukisema hali ya Kigoma ni mbaya maradufu ya wastani huo, bado tunabaki na kifo kimoja katika miaka 24, yaani muda unaozidi utumishi wa wahudumu walio wengi. Vifo vya watoto wachanga ni vingi zaidi, 24 kwa kila vizazi hai 1,000 kwa mujibu wa utafiti huohuo, lakini hata hapo kitongoji kinatarajia kifo kimoja katika miaka miwili, na vifo haviji kwa zamu. Miaka kama sita katika kumi itapita bila kifo chochote cha kichanga hata kama mhudumu amelala nyumbani kwake, na takriban mwaka mmoja katika kumi na miwili utaleta viwili au zaidi hata kama hajalala. Tukimpongeza kwa mwaka mtupu na kumkemea kwa mwaka wa misiba miwili, tutakuwa tumepima bahati na kuiita kazi.

Kwa sababu hiyo wasimamizi wengi hukimbilia kuhesabu ziara, na wana hoja. Tangu mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA, uzinduliwe Januari 2024 kwa lengo la wahudumu 137,294 katika miaka mitano, swali la posho limekuwa swali la fedha za umma. Fedha za umma haziwezi kulipwa kwa maneno kwamba matunda yatakuja polepole, kwa maana mzembe naye husema hivyohivyo. Kuhesabu ziara ni rahisi. Mfawidhi wa zahanati mwenye foleni ya wagonjwa tangu asubuhi hana nafasi ya jambo gumu zaidi, na mhudumu asiyefika nyumba yoyote kwa mwezi mzima atagundulika mara moja. Idadi ya ziara ni sakafu ambayo mhudumu hapaswi kushuka chini yake, na hilo silipingi. Ninachokipinga ni kuigeuza sakafu kuwa mizani.

Chukua mfano wa wahudumu wawili wa vitongoji jirani, mmoja mwenye ziara 64 kwa mwezi na mwingine 31. Kwenye taarifa ya robo mwaka wa kwanza anaonekana hodari na wa pili anaonekana mzito. Zaidi ya hapo, ziara za huyu wa pili zimejazana katika siku tisa au kumi za mwezi, na kabla na baada yake kuna mapengo. Msimamizi anayekaa mjini atasema mtu huyu anafanya kazi kwa kulipua. Lakini weka tarehe zile kando ya kalenda ya mwezi angani. Wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikaa vizuri dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga, mitumbwi hubaki ufukweni na wanaume huwa nyumbani. Mhudumu anayetaka mume asikie kwa masikio yake kwamba nauli ya kumpeleka mkewe kituo cha afya itengwe mapema, huenda siku za mbalamwezi. Akienda siku za giza atampata mama peke yake, ambaye atamjibu kwa adabu kwamba atamwambia baba akirudi.

Sasa fungua rejesta zao mbili juu ya meza ya zahanati, kando ya MTUHA 6, yaani rejesta ya wajawazito. Ulinganisho unaofaa ni wa majina, kwa miezi kumi na miwili iliyopita. Kutoka kitongoji cha mhudumu wa ziara 64, zahanati imeandikisha wajawazito 17. Katika rejesta yake wapo 9, na majina 8 yanakutana. Maana yake wanawake 9 walifika kliniki bila yeye kuwajua, na ziara zake nyingi zilikuwa za kurudiarudia nyumba zilizo karibu na barabara. Kutoka kitongoji cha mhudumu wa ziara 31, zahanati ina 18, rejesta yake ina 21, na yanayokutana ni 16. Hapo kazi bado haijaisha, kwa sababu majina matano aliyo nayo yeye na ambayo zahanati haina yanadai maelezo, moja baada ya jingine. Wawili walihamia mashambani msimu wa kulima, mmoja alihudhuria zahanati nyingine, mmoja mimba iliharibika, na mmoja amekataa kliniki mpaka leo. Mhudumu anayeweza kusema hayo bila kutafuta maneno anaijua kaya yake, na ujuzi huo haupatikani kwa kujaza ukurasa usiku wa kuamkia siku ya taarifa.

Kurasa za namna hiyo zina dalili zake. Wino ni mmoja kwa wiki tatu nzima, mwandiko hautetereki, na nyumba kumi na moja zimetembelewa siku moja ingawa zimetenganishwa na mlima. Dalili ninayoiamini zaidi iko kwenye safu ya mzingo wa mkono wa mtoto. Utepe unaanza kuonyesha hatari chini ya sentimita 12.5, na utapiamlo mkali chini ya 11.5. Mikono ya watoto halisi hutoa 13.2, 14.7, 12.9 na 13.8. Ukikuta safu nzima ni 13.5, 14.0, 14.0, 13.5, utepe huenda haukutoka kwenye begi. Siku hiyohiyo rudia kipimo kwa watoto watatu kabla ya kusema neno, maana wapo wahudumu wanaopima kweli na kukadiria hadi nusu ya karibu, na kosa hilo ni la mafunzo.

Kuna jambo jingine ambalo rejesta hulificha kwa msomaji mwenye haraka. Mhudumu akianza kuaminiwa, takwimu zake huchafuka. Mwaka wa kwanza anaandika uzazi wa nyumbani mmoja, mwaka wa pili anaandika wanne. Mara nyingi uzazi huo haujaongezeka. Ulikuwapo tangu awali, ukiitwa “alizalia njiani” kwa kuogopa faini pale ambapo kijiji kina sheria ndogo, na sasa mama mkwe amekubali kuusema. Vivyo hivyo mimba zilizoharibika na watoto waliofariki siku ya pili, ambao zamani walizikwa bila kuandikwa popote. Njia ya kutofautisha ni kuuliza kila tukio lilijulikana lini. Kama uzazi wa nyumbani unaandikwa ndani ya siku mbili tatu na mama na mtoto wakaonekana zahanati wiki hiyohiyo, mhudumu ameufikia. Kama umeandikwa miezi mitatu baadaye kwa kusikia, umempita. Kumkata mtu alama kwa sababu ya uzazi wanne aliouandika ni kumfundisha asiandike wa tano.

Kiashiria kinachosogea ndani ya muda wa mhudumu mmoja ni umri wa mimba katika hudhurio la kwanza, ambao MTUHA 6 huuandika kwa wiki. Lengo ni kabla ya wiki ya 12. Hata hiki kina ucheleweshaji wake. Mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano siku mhudumu anapoanza kazi hawezi tena kuwahi. Atakayewahi ni yule atakayeshika mimba baadaye na kukubali kuisema ikiwa changa, jambo ambalo kwa wengi huku ni siri ya nyumba. Kwa hiyo robo mbili za kwanza hazisemi chochote. Aidha kitongoji kina mimba mpya kama tano kwa robo, na mwanamke mmoja tu akiwahi au akichelewa asilimia inaruka kwa 20. Tusome mwaka mzima kwa mwaka mzima: waliowahi kwa mhudumu wa ziara 31 walikuwa 3 kati ya 17 kabla yake, na sasa ni 7 kati ya 18. Tofauti hiyo ingeweza kuletwa na bahati, na ndiyo maana hatuishii hapo. Tunawauliza wale saba nani aliwaambia waende, na wale kumi na mmoja nini kiliwachelewesha. Majibu kama “niliambiwa nije na mume, naye yuko ziwani” ni kasoro ya zahanati. Haiwezi kuwekwa juu ya kichwa cha mhudumu.

Mahojiano hayo nayo yana mtego. Ukifika nyumbani kwa mama ukiwa umefuatana na mhudumu, ukauliza kama anawahudumia vizuri, utaambiwa ni mzuri sana, karibuni tena. Mgeni havunjiwi heshima. Mhudumu abaki kwa mwenyekiti wa kitongoji, na swali lihusu kilichobaki kichwani: alikwambia ukiona nini ukimbilie kituo? Mama anayetaja kutokwa damu, kichwa kuuma sana na kuona maluweluwe, bila kusomewa orodha, ametuambia mengi kuhusu mhudumu kuliko sifa zozote. Nyumba tano zichaguliwe kutoka rejesta ya mhudumu na tano kutoka kwa mwenyekiti, kwa kaya zilizopata mtoto mwaka huo, kwa kuwa rejesta haiwezi kukuonyesha nyumba ambayo haimo.

Haya yote huchukua nusu siku kwa mhudumu mmoja. Zahanati yenye wahudumu wanane inahitaji siku nne kila robo, na wenye hoja ya urahisi wana haki ya kuuliza siku hizo zitoke wapi. Kulinganisha majina kunaweza kubaki kila robo, kwa kuwa hufanyika mezani wahudumu wanapoleta taarifa, na matembezi ya nyumba kumi yakafanyika mara mbili kwa mwaka, nje ya msimu wa kulima.

Katika mfano wetu, mwenye ziara 31 angeendelea, akiwa na kazi moja iliyoandikwa: kumrudia yule aliyekataa kliniki, mbalamwezi ijayo, mume akiwapo. Mwenye ziara 64 asingefukuzwa, kwa sababu miguu anayo. Angepewa majina yale tisa ambayo hakuyajua, akaanza na nyumba iliyo mbali zaidi na barabara.